Kata, Taka, Kataa: Ulimi Hauna Kosa

Msimamishe mtoto wa darasa la tatu mbele ya wenzake pale Katesh, mwambie aseme upesi mara tatu: "Katibu kata wa kata ya Katesh alikataa kukata mkataba." Mara ya kwanza huenda akapita. Ya pili atasema "alikata kukataa". Ya tatu mkataba utageuka "mkabata", na darasa zima litacheka. Baada ya kicheko huja swali ambalo wataalamu wa lugha wamechoka kuulizwa: mtoto huyu hana udata kweli? Si apelekwe akakatwe?

Hapana. Asipelekwe.

Udata, yaani kule kushikwa kwa ulimi na utando wa chini yake, upo. Kwa watoto wachache utando huo ni mfupi kiasi cha kuuzuia ulimi usiinuke. Lakini tatizo hilo lina dalili zake. Mtoto anaweza kunyonya kwa taabu tangu uchanga. Akikua, ukimwambia apanue kinywa aguse ufizi wa juu kwa ncha ya ulimi, hafiki. Na kosa lake la matamshi, kama analo, halichagui wakati: sauti inayomshinda humshinda asubuhi na jioni, haraka na polepole. Yule aliyekwama kwenye "alikataa" alikuwa ameshazitamka k na t katika katibu, kata, tena kata, na Katesh, bila shida yoyote. Ulimi uliofungwa haujifungui kwa maneno sita ya mwanzo halafu ukajifunga kwenye la saba.

Anayebisha na ajaribu sauti zisizohitaji ncha ya ulimi hata kidogo. Aseme haraka, bila kupumzika: papa bapa, baba papa, bapa baba. Sauti p na b hutengenezwa kwa midomo. Tofauti yake ni kwamba b hutetemesha nyuzi za sauti kooni na p haizitetemeshi. Baada ya mizunguko michache bapa itakuwa papa, baba itakuwa bapa. Sasa hapo wembe utakata nini?

Kuna ushahidi mzito zaidi. Mwaka 1982 watafiti McCutchen na Perfetti walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wasomaji walisoma sentensi kimyakimya. Sentensi zilizojaa maneno yanayoanza kwa sauti zinazofanana ziliwachelewesha kuliko sentensi za kawaida. Hawakutakiwa kutamka chochote, ila ugumu ulikuwepo. Maana yake sehemu ya ugumu huo imo katika namna ubongo unavyozishika sauti, kabla ulimi haujapata kazi.

Wakinyimwa udata, wengine hukimbilia lugha ya mama: eti mtoto wa Kiiraqw au wa Kidatooga hukwama kwa sababu Kiswahili si chake. Hoja hii inaudhi zaidi, maana inawabebesha watu aibu isiyo yao. Kiiraqw, lugha ya Kikushi inayosemwa Mbulu na Hanang, kina sauti ambazo Mswahili wa pwani angetoa jasho kuzipata. Sauti inayoandikwa sl, kama katika slee, ng'ombe, hutolewa kwa kupitisha pumzi pembeni mwa ulimi kwa mkwaruzo, bila mtetemo kooni. Sauti inayoandikwa tl nayo huachiliwa pembeni, safari hii kwa mshindo unaosukumwa na koo lililofungwa. Kuna na hh, ambayo hubanwa ndani kabisa ya koromeo. Mtoto anayefanya yote hayo akichunga ng'ombe hawezi kuambiwa ana ulimi mzito. Tena k na t zimo katika Kiiraqw na zimo katika Kiswahili, na mtu aliyezaliwa Lamu akiharakisha sentensi ile ya katibu kata naye anateleza.

Basi ugumu unatoka wapi? Sema "kata kata kata kata" kwa kasi yoyote unayotaka. Rahisi. Sasa sema "kata taka kata taka". Konsonanti ni zilezile mbili na irabu ni ileile moja. Kilichobadilika ni nafasi tu: k iliyofungua neno la kwanza imehamia silabi ya pili ya neno linalofuata, na t imechukua nafasi yake.

Msemaji hapangi silabi moja akaitamka ndipo apange nyingine. Ubongo huziandaa kadhaa kwa pamoja, kila sauti ikiwekewa nafasi yake. Sauti zinazokaribiana, zikizungukwa na irabu ileile, hugombea nafasi moja. Kosa linalotokea si ovyo. Mwaka 1971 mwanaisimu Victoria Fromkin alionyesha kwamba sauti zinazoteleza hufuata kanuni za lugha, na kwa kawaida sauti ya mwanzo wa silabi hubadilishana na ya mwanzo wa silabi nyingine. Ndiyo maana mtoto husema "mkabata", umbo ambalo si neno ila lingeweza kuwa neno la Kiswahili, wala hasemi "mkatbaa". Na kwa kuwa silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, karibu kila konsonanti imekaa mwanzoni mwa silabi, kwa hiyo karibu kila moja inaweza kubadilishana na jirani yake.

Sentensi ya Katesh ina mtego wa pili: mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika kukata mkazo uko kwenye ka. Katika alikataa umehamia kwenye ta, kwa sababu a ya mwisho ni silabi inayojitegemea. Msemaji analazimika kugeuza mapigo katikati ya mwendo huku konsonanti zikibaki k na t. "Alikata kukataa" inazaliwa hapo: mapigo ya neno moja yamehamia kwa jingine.

Mwaka 2007 Goldstein na wenzake walichapisha vipimo vya vihisio vilivyobandikwa kwenye ndimi za wasemaji waliorudiarudia maneno mawili mafupi ya Kiingereza, moja likianza kwa k, jingine kwa t. Mara nyingi kasi ilipopanda, k haikugeuka t moja kwa moja. Nyuma ya ulimi na ncha yake viliinuka kwa pamoja, kila kimoja kikiitikia agizo lake. Ulimi ule haukuwa mzito. Ulikuwa ukitii maagizo mawili kwa wakati mmoja.

Kwa anayetaka kuimudu sentensi hiyo: igawe katika mafungu matatu, pumua kati yake, piga meza kidogo kwenye kila silabi yenye mkazo, anza polepole, ongeza kasi pale tu usipokosea, ukiteleza rudi mwanzo wa fungu, si wa sentensi. Kokoto na penseli kinywani achana nazo. Walimu nao wasitumie vitanza ndimi kupima nani anajua Kiswahili, kwa kuwa vilitungwa ili kila mtu ateleze.

Na mzazi amwambie mtoto atamke kata, taka, kataa, mkataba, moja moja, taratibu. Yakitoka sawa, kitanza ndimi pekee si sababu ya kumpeleka popote. Yasipotoka hata taratibu, au ncha ya ulimi haifiki ufizini, ampeleke hospitali ya wilaya akapimwe, na asimkabidhi kwa mtu yeyote wa mtaani mwenye wembe.