Hesabu ya Mbolea Kabla ya Kufungua Mfuko

Wanachama wetu wengi wana shamba la mikarafuu kilimani na konde la mpunga bondeni, na fedha ya karafuu ndiyo inunuayo mbolea ya mpunga. Kwa hiyo yafaa kila mmoja wetu aipime mwenyewe hesabu iliyomo katika mpango wake wa kilimo kabla ya kutoa fedha dukani.

Tuchukue mfano huu. Mwanachama ana konde liitwalo la eka moja na nusu. Bwana shamba amemwambia atie kilo 150 za yurea kwa hekta, na mfuko wa dukani una kilo 50. Katika mpango wake ameandika 150 mara moja na nusu, akapata kilo 225, yaani mifuko minne na nusu. Akaazimia kununua mitano.

Kosa liko wapi? Kipimo cha mbolea ni cha hekta, na konde limetajwa kwa eka. Kwetu ni rahisi kukosea hapo, maana tangu ardhi ilipogawiwa eka tatu tatu baada ya Mapinduzi ya 1964, watu wamezoea kuhesabu kwa eka. Hekta moja ni karibu eka mbili na nusu. Basi eka moja na nusu ni hekta 0.6 tu, na 0.6 mara 150 ni kilo 90. Mifuko miwili yatosha, na kilo 10 zabaki.

Lakini je, konde lenyewe ni eka moja na nusu kweli? Mabonde yetu hayana pembe nne zilizonyooka, na ukubwa hutajwa kwa mazoea. Chukueni kamba ya mita 20, mpime urefu katikati ya konde, kisha upana mahali patatu: mwanzo, katikati na mwisho. Katika mfano wetu urefu ulikuwa mita 80, na upana mita 52, 66 na 62. Jumla ya upana ni 180. Gawa kwa tatu, upate 60. Themanini mara sitini ni mita za mraba 4,800. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, basi konde ni hekta 0.48. Zidisha kwa 150: ni kilo 72. Huo ni mfuko mmoja na kilo 22, wala si mifuko mitano.

Angalieni pia jina lililoandikwa juu ya mfuko. Yurea ina kilo 46 za naitrojeni katika kila kilo 100, bali salfeti ya amonia ina 21 tu. Kilo 72 za yurea zina naitrojeni kilo 33. Ikiwa dukani ipo salfeti peke yake, gawa 33 kwa 0.21, na utaona kwamba zahitajika kilo 157, yaani mifuko mitatu na kilo saba. Atakayenunua kilo 72 za salfeti atakuwa ametia chini ya nusu ya chakula kilichotakiwa, na mpunga wake utakuwa wa manjano kuanzia majani ya chini. Naye atakayemwaga mifuko mitano ya yurea ataona majani mengi ya kijani iliyokoza, kisha mpunga hulala kabla ya kuiva, na ugonjwa wa kutia mabaka majani na kukausha shingo ya shuke huuingia kwa wepesi.

Hesabu ikiisha kukamilika karatasini, ijaribuni kwa mkono. Kilo 72 katika mita za mraba 4,800 ni gramu 15 kwa kila mita. Ikiwa mbolea inatiwa mara mbili, nusu kwa nusu, kila mara ni gramu saba na nusu. Wekeni vijiti pembe nne za kipande cha mita 10 kwa 10, mpime gramu 750 kwa mizani ya dukani, mzitie koponi na kuweka alama zinapofika. Kisha mwageni kopo hilo hata kipande kiishe. Mbolea ikiisha kabla ya kipande, mkono ni mzito. Ikibaki, mkono ni mwepesi. Rudieni mpaka mkono uzoee, ndipo mwendelee na konde zima.

Hizo kilo 150 ni za mfano huu. Bonde lako laweza kutakiwa kipimo kingine, nacho utapewa na bwana shamba. Umwulize mambo mawili: kipimo hicho ni cha eka au cha hekta, na je, ni kilo za mbolea yenyewe au za naitrojeni? Majibu yake yaandikwe katika mpango, kando ya idadi ya mifuko.