Kutoka Madukani Hadi Stendi: Mfano wa Stratford, London

Jengo la maduka la Westfield Stratford City, mashariki mwa London, lilifunguliwa Septemba 2011 pembeni mwa stesheni ya treni ya Stratford. Mgeni anayetoka humo kutafuta basi hukwama hasa kwa sababu stendi ni mbili, na reli imepita katikati yake. Stendi ya Stratford City iko upande uleule wa maduka, kando ya barabara ya Montfichet. Ile ya zamani, iitwayo Stratford tu, iko ng'ambo ya reli, upande wa mji, kwenye barabara ya Great Eastern.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua namba ya basi, kisha jina kamili la stendi yake. Basi namba 97 la kwenda Chingford huanzia Stratford City. Namba 25 la kwenda Ilford hupitia stendi ya zamani. Abiria wa basi la 25 akifuata kibao cha kwanza chenye alama ya basi anaweza kujikuta Stratford City, akalisubiri basi ambalo halifiki hapo.

Jambo la pili ni ghorofa. Abiria wa 97 hushuka hadi usawa wa chini, akafuata vibao vya stesheni na mabasi bila kuvuka reli. Abiria wa 25 hutakiwa awe ghorofa ya kwanza, kwa kuwa ndiko linakoanzia daraja la waenda kwa miguu linalopita juu ya reli. Akishateremka chini kabisa, itambidi apande tena. Akiwa darajani ataona njia za treni chini yake, na hiyo ndiyo dalili kwamba hajapotea. Mwisho wa daraja hushuka ngazi, na stendi ya zamani iko jirani.

Ramani ya simu husaidia kidogo tu ndani ya jengo. Paa na kuta hudhoofisha mawimbi ya setilaiti, na hata alama ikikaa mahali pake, mara nyingi haioneshi mtu yuko ghorofa ipi. Ni salama zaidi kusoma vibao vinavyoning'inia darini, au kumuuliza mlinzi kwa kutaja jina la stendi na namba ya basi. Akiulizwa "basi liko wapi" tu, ataelekeza stendi iliyo karibu.

Stendini, kila kituo kina herufi yake na orodha ya namba za mabasi yanayosimama hapo. Namba inayotafutwa isipokuwemo katika orodha ya kituo chochote, abiria yuko stendi isiyo yake, na dawa ni kuvuka daraja kwenda ya pili. Nauli iandaliwe mapema: tangu Julai 2014 mabasi ya mji wa London hayapokei fedha taslimu, bali kadi ya usafiri, kadi ya benki au simu yenye huduma ya malipo.