Saa Tisa ya Daktari, Saa Tisa ya Mama

"Mtoto alimwambia mama yake aje saa tisa. Mama akaja saa tisa kweli, baada ya adhuhuri. Daktari alikuwa anamsubiri tangu asubuhi."

Hayo ni maneno ya mgeni wetu wa wiki hii, dada mmoja mkalimani wa Kiswahili na Kiingereza katika hospitali za hapa London. Ameomba tusimtaje jina, kwa sababu ya siri za wagonjwa.

Wengi wetu tumewahi kuwatafsiria wazazi tukiwa wadogo, si ndio? Basi kosa lenyewe ni hili: mtoto anasoma 9:00 kwenye barua, anasema "saa tisa". Lakini kwa mama aliyekulia Tanga, 9:00 asubuhi ni saa tatu, na saa tisa mchana ni 15:00. Tofauti ni saa sita kamili. Miadi imepotea, foleni inaanza upya.

Dada anataja zote mbili: "Saa tatu asubuhi, simu itaonyesha 9:00." Halafu anamwomba mgonjwa airudie kwa maneno yake. Anakumbusha pia kwamba mkalimani wa NHS halipiwi na mgonjwa, ila mwombe mapema, unapopanga miadi.

Kusikiliza: fungua Spotify, andika jina letu, bonyeza kipindi cha juu kabisa. Dada anaongea haraka kidogo (Kimvita hicho!), kwa hiyo ukihitaji punguza spidi iwe 0.8x. Ukiwa na mama karibu, weka spika.