Fuwele Katika Figo za Perege

Mwaka 2007, katika maabara za Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) zilizoko Barabara ya Muirkirk mjini Laurel, kaskazini mwa Washington, daktari wa mifugo Renate Reimschuessel na wenzake waliwalisha samaki na nguruwe kemikali mbili. Kundi moja lilipewa melamini, jingine asidi ya sianuriki, na la tatu likapewa zote mbili kwa pamoja. Kipimo kilikuwa miligramu 400 za kila kemikali kwa kila kilo ya uzito wa mnyama, kwa siku tatu. Waliokula kemikali moja tu hawakuonekana na fuwele katika figo. Waliokula zote mbili, kuanzia perege na kambare hadi nguruwe, figo zao zilijaa fuwele za rangi ya dhahabu iliyokolea, zimejipanga mfano wa miale ya jua.

Ndizo fuwele zilizokuwa zikiua paka na mbwa Amerika Kaskazini tangu mapema mwaka huo. Chakula chao cha makopo kilikuwa na kiungo kilichoandikwa kwenye magunia kuwa ni gluteni ya ngano kutoka China. Wapelelezi walipokichunguza walikuta ni unga wa kawaida wa ngano, uliotiwa melamini na kemikali za jamii yake.

Melamini tunaifahamu majumbani kwa sahani zile ngumu zisizovunjika. Ilifikaje kwenye chakula? Jibu limo katika namna protini inavyopimwa. Kipimo kilichozoeleka hakiioni protini yenyewe. Kinapima nitrojeni, kisha kinazidisha kwa 6.25, kwa kuwa protini nyingi zina nitrojeni ya takriban asilimia 16. Theluthi mbili ya uzito wa melamini ni nitrojeni. Kwa hesabu hiyo, gramu moja ya melamini huonekana kwenye karatasi ya maabara kama gramu nne na ushei za protini. Yeyote aliyewahi kumwona mchuuzi wa maziwa akiongeza maji, kisha akatafuta kitu cha kuidanganya laktomita, anaijua mantiki hii. Mwaka 2008 mantiki hiyohiyo iliingia kwenye maziwa ya watoto wachanga nchini China. Watoto sita walikufa na wengine karibu laki tatu waliugua.

Kisa hiki ni kigumu hasa kwa mtu anayejiandaa kwa mtihani wa juu wa ukaguzi wa usalama wa chakula. Akiulizwa melamini iwekwe katika fungu gani, mkono wake hukimbilia ulinzi wa chakula, kwa sababu kuna mtu aliyeiweka kwa makusudi. Lakini kwa sheria za Marekani amekosea. Aliyetia melamini hakutaka paka wafe. Alitaka fedha, na vifo vilikuwa hasara kwake pia, kwani ndivyo vilivyomfichua. Kwa hiyo uchakachuaji wa kutafuta faida, pale unapoweza kuleta madhara, umewekwa ndani ya uchambuzi wa hatari wa kawaida, katika kanuni iitwayo 21 CFR 117. Kanuni nyingine, 21 CFR 121, iliyotolewa Mei 2016, inamshughulikia adui anayekusudia kuwadhuru watu wengi. Inavigusa hata viwanda vya nje vinavyouza chakula Marekani, isipokuwa vilivyosamehewa, vikiwemo vile vidogo sana.

Majina nayo yanapishana, na mtahiniwa asipoangalia yatamwangusha. Katika viwango vya kimataifa, tathmini ya vitisho ni kumtafuta adui, na tathmini ya udhaifu ni kumtafuta mdanganyifu. Kanuni 121 inaita tathmini ya udhaifu kazi ileile ambayo wengine wanaiita tathmini ya vitisho. Njia salama ni kuliacha jina na kuuliza mtendaji alitaka nini.

Uchambuzi wa hatari huanza na kumbukumbu. Bakteria fulani hupatikana kwenye maziwa mabichi, hufa katika joto fulani kwa muda fulani, na uwezekano wake unaweza kukadiriwa kutokana na yaliyokwisha kutokea. Bakteria hawabadili mpango wakiona kipimajoto. Binadamu hubadili. Kwa sababu hiyo kanuni 121 haimtaki anayefanya tathmini akadirie uwezekano wa shambulio. Inamtaka aitazame kila hatua ya uzalishaji kama angeitazama mfanyakazi mwenye nia mbaya, aliyeajiriwa humohumo na anayejua zamu zinavyokwenda. Huyu mtu wa ndani si wa kubuni. Mwishoni mwa 2013 kampuni moja ya Japani ilirudisha kutoka sokoni mamilioni ya pakiti za chakula kilichogandishwa baada ya kukutwa na dawa ya wadudu ya malathioni. Mwaka uliofuata mfanyakazi wa kiwanda chake cha Gunma alitiwa hatiani.

Tuchukue tangi la kuchanganyia juisi, lita 8,000. Kila glasi ikiwa robo lita, hapo kuna glasi 32,000, na mashine ya kukoroga itasambaza sawasawa chochote kitakachoingia. Mwongozo wa FDA unatoa alama 1 hadi 10 kwa vipengele vitatu: ukubwa wa madhara, urahisi wa kuifikia bidhaa, na uwezo wa mshambuliaji kufanikiwa. Madhara yanapata 10. Mfuniko unafunguka kwa mkono: 10. Usiku yuko mfanyakazi mmoja tu pale: tuseme 8. Jumla ni 28, na kuanzia 26 hatua hiyo lazima ilindwe.

Hapa watahiniwa wengi huteleza. Meneja atasema mfuniko una kufuli, basi alama zipunguzwe. Hazipunguzwi, kwa sababu kufuli ni kinga iliyoongezwa juu, na tathmini hufanywa kana kwamba halipo. Lakini tangi likiwa limeundwa bila mlango wowote wa kufikia juisi, hilo ni umbile lake na linahesabiwa. Urahisi wa kulifikia ungeshuka hadi 1, na jumla ikawa 19.

Tofauti inaonekana tena kinga inapofeli. Joto la kuchemshia maziwa lina kikomo, na likishuka chini yake maziwa hayatoki kiwandani mpaka yaamuliwe. Kufuli halina nyuzi joto. Msimamizi akilikuta wazi saa nane usiku, kanuni inamtaka arekebishe kosa, aandike, na kupunguza nafasi ya kujirudia. Kumwaga lita 8,000 si jibu la lazima. Mkaguzi anayedai kikomo cha namba kwa kila kufuli amehamisha fikra za bakteria na kuzipeleka kwa binadamu.

Kosa huenda upande wa pili pia. Januari 2015, kijijini Chitima katika mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya mahindi iliyogawiwa msibani. Neno lililoenea kwanza lilikuwa nyongo ya mamba, sumu ambayo watu wa eneo hilo huamini hutiwa kwa siri na mwenye chuki. Mwanamke aliyeipika pombe hiyo alikuwa miongoni mwa marehemu. Uchunguzi wa maabara, ukiwahusisha wanasayansi wa Msumbiji na Marekani, ulikuta asidi ya bongkreki, sumu inayotengenezwa na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli. Adui hakuwepo. Kilichokuwepo ni unga wa mahindi ulioharibika, na maswali yaliyofaa yalikuwa yale ya uchambuzi wa hatari: ulihifadhiwa wapi, ulilowa lini, na ulikaa na unyevu kwa muda gani kabla ya kuingia chunguni.