Mashine Inayotema na Mashine Inayorudisha

Kwenye kibaraza cha duka moja la mtaani jijini Dar es Salaam palikuwa na mashine mbili za kamari zilizosimama bega kwa bega. Jioni moja nilikuwa pale nasubiri chenji. Kijana mmoja alinyoosha mkono kutumbukiza sarafu ya shilingi 200 kwenye mashine ya kushoto, na mzee aliyekaa kwenye benchi akamzuia.

“Mwanangu, hiyo ina roho mbaya. Cheza hii ya kulia, hii inatema. Huku hela yako inarudi.”

Kijana akahamia kulia. Ndani ya dakika chache mashine ilidondosha sarafu mara tatu, na kila mara watu waliokuwa karibu waligeuka kutazama. Kuhusu kutema, mzee alikuwa na haki. Lakini aliunganisha mambo mawili yasiyo ndugu: mashine kutema mara nyingi, na mashine kurudisha fedha nyingi.

Jambo la kwanza tuliite wingi wa kutema: katika mizunguko 100, ni mingapi inayomlipa mchezaji chochote, hata kama ni kidogo. La pili ni asilimia ya marejesho, ile inayoandikwa kwa herufi RTP kwenye michezo ya simu: katika kila shilingi 100 zinazowekwa dau, ni ngapi zinazorudi kwa wachezaji zikihesabiwa kwa muda mrefu sana. La kwanza linahesabu mara. La pili linahesabu shilingi.

Tuchukue mashine ya umbo la zamani, kama ile ya Liberty Bell iliyotengenezwa na Charles Fey kule San Francisco mwishoni mwa karne ya 19. Ina magurudumu matatu, kila gurudumu lina picha 10. Kumi mara kumi mara kumi, hivyo kuna michanganyiko 1,000. Kwa dau la shilingi 200, kila mchanganyiko ukitokea mara moja, mashine itakuwa imemeza shilingi 200,000. Kinachobaki ni mtengenezaji kuamua ni michanganyiko ipi italipa, na kiasi gani.

Mashine ya kwanza tuipange hivi. Michanganyiko 200 inalipa shilingi 400, mingine 50 inalipa 800, mingine 10 inalipa 3,000, na mmoja tu unalipa 30,000. Ukijumlisha malipo yote unapata shilingi 180,000, yaani asilimia 90 ya zilizoingia. Michanganyiko inayolipa ni 261 kati ya 1,000, kwa hiyo mashine inatema takriban mara moja katika kila mizunguko minne.

Ya pili tuipange kwa mkono mwingine. Michanganyiko 40 inalipa shilingi 1,000, mingine tisa inalipa 4,000, na mmoja unalipa 104,000. Jumla ni zile zile shilingi 180,000, asilimia 90 ile ile. Lakini hapa inayolipa ni michanganyiko 50 tu, kwa hiyo mashine inatema mara moja katika kila mizunguko 20. Ukikaa mbele yake ukazungusha mara 20, uwezekano wa kutopata hata senti ni zaidi ya theluthi moja. Hii ndiyo mashine ambayo mzee angeiita yenye roho mbaya, ingawa kwa hesabu ya muda mrefu inarudisha sawasawa na mwenzake.

Tofauti ni mahali fedha zilipowekwa. Katika mashine ya pili, zaidi ya nusu ya marejesho yote imefungiwa kwenye mchanganyiko mmoja. Watu 100 wakizungusha mara 1,000 kila mmoja, takriban 37 kati yao hawatauona kabisa. Kwa hao, asilimia 90 ni maandishi tu, maana mashine itakuwa imewarudishia kama asilimia 38 ya walichoweka. Fedha zinazokosekana kwao zimekwenda kwa wachache waliobahatika.

Sasa tuje kwenye mashine za kisasa za skrini, ambako mtego ni mkubwa zaidi. Huko mchezaji huweka dau kwenye mistari mingi kwa mpigo. Shilingi 200 zake zinaweza kugawanywa kwenye mistari 20, shilingi 10 kila mmoja. Mstari mmoja unakubali, unalipa shilingi 100. Taa zinawaka, muziki unalia, namba zinapanda kwenye skrini. Lakini aliweka 200 na amerudishiwa 100. Amepoteza 100, na mashine imeuandika mzunguko huo kuwa miongoni mwa iliyolipa.

Tuseme mashine kama hiyo, katika mizunguko 1,000, inalipa shilingi 100 mara 300, shilingi 500 mara 140, na shilingi 6,000 mara 10. Imetema mara 450, karibu nusu ya mizunguko yote. Hakuna kati ya zile mbili za mwanzo inayoikaribia kwa kelele. Lakini jumla ya malipo ni shilingi 160,000 kati ya 200,000, asilimia 80 tu. Inayotema kuliko zote ndiyo inayorudisha kidogo kuliko zote. Na katika mara hizo 450, mara 300 mchezaji alikuwa anapoteza huku akishangiliwa.

Mwili wenyewe hudanganyika. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Canada, walichapisha utafiti ambao ndani yake walipima jasho la ngozi za wachezaji. Hasara iliyovikwa shangwe iliwasisimua kama ushindi wa kweli, si kama hasara ya kawaida. Nchini Uingereza, tangu Oktoba 31, 2021, sloti za mtandaoni haziruhusiwi kupiga shangwe pale malipo yanapokuwa sawa na dau au chini yake.

Asilimia ya marejesho nayo husomwa vibaya. Asilimia 90 haina maana kwamba ukiingia na shilingi 10,000 utatoka na 9,000. Inahesabiwa juu ya kila dau, na ukizirudisha ndani sarafu zilizotoka, zinakatwa tena. Kwa dau la 200, kila mzunguko unagharimu wastani wa shilingi 20. Ukizungusha mara 10 kwa dakika, shilingi 10,000 zinaisha kwa wastani wa dakika 50. Mashine inayotema sana haipunguzi gharama hiyo. Inafanya tu fedha ziondoke polepole, kwa kupanda na kushuka, hivi kwamba mtu haoni ni saa ngapi zilikwisha.

Je, mchezaji anaweza kuzitambua mashine hizi kwa macho? Wingi wa kutema anaweza: ahesabu mizunguko 200, aandike mingapi ililipa, na mingapi ililipa zaidi ya dau. Atapata picha ya karibu. Asilimia ya marejesho haionekani kwa njia hiyo, kwa sababu sehemu yake kubwa inaweza kuwa imelala kwenye mchanganyiko ambao hajaukuta. Picha za kwenye magurudumu nazo hazisaidii: katika mashine za kisasa ni kompyuta inayochagua namba, na picha huonyesha tu kilichokwisha kuamuliwa. Kila mzunguko unaanza upya, kwa hiyo hata ule usemi kwamba mashine imeshiba na sasa itatema hauna msingi.

Yule kijana alicheza mpaka sarafu zikamwishia. Mashine ilimtemea mara nyingi, kama alivyoahidiwa. Alipoondoka, mzee alimwambia leo bahati ilikuwa karibu. Haikuwa karibu. Kila alichokiokota kwenye trei kilikuwa sehemu ya fedha zake mwenyewe, na zote alizirudisha ndani.