Ekari tano ndani ya hekta mbili

Nchini Kenya, familia inayogawana shamba la marehemu hukabidhiwa na mahakama karatasi moja yenye uzito kuliko zote: cheti cha kuthibitisha mirathi. Chini yake pana jedwali. Safu ya kwanza ina majina ya warithi, ya pili inataja mali, ya tatu inaonyesha fungu la kila mmoja. Kwa kawaida hakuna mstari wa jumla mwishoni, wala hakuna safu inayomlazimisha mwandishi kusema kipimo ni ekari au hekta. Hapo ndipo makosa hupenya, na mara nyingi hayaonekani mpaka siku savea anapofika shambani na vifaa vyake.

Tuchukue familia ya mfano. Mzee ameacha kipande kimoja ambacho hatimiliki inasema kina ukubwa wa hekta 2.0. Mkewe alimtangulia, na watoto ni watano. Tangu utotoni wamemsikia baba yao akisema “shamba langu la ekari tano”, kwa hiyo kikao cha familia hakikuchukua muda: kila mmoja ekari moja. Wakili akaandika hivyo kwenye hati ya kiapo, warithi wote wakatia saini kuridhia, na jaji akathibitisha. Jedwali likatoka na mistari mitano inayofanana, kila mmoja ukiishia na “ekari 1”.

Hesabu ya mzee ilikuwa ya kukadiria. Hekta moja ni ekari 2.471, hivyo hekta mbili ni ekari 4.94. Tofauti inaonekana ndogo mpaka igeuzwe kuwa ardhi. Ekari tano ni kama mita za mraba 20,235, na shamba lina 20,000. Mita 235 zilizogawiwa hazipo popote. Hilo ni eneo linalokaribia nusu ya ploti ya hamsini kwa mia, na mtu anaweza kujenga nyumba juu yake.

Kisha inakuja barabara. Kipande kikigawanywa mara tano, walio nyuma lazima wapate njia ya kutokea, na katika kikao hakuna aliyeitaja. Tuseme njia ina upana wa mita 6 na urefu wa mita 150: hizo ni mita za mraba 900, nazo hutoka katika shamba lile lile. Zinabaki 19,100 za kugawana. Kwa watu watano ni mita 3,820 kila mmoja, yaani karibu ekari 0.94. Kila mrithi amepungukiwa na mita 227 kutoka katika ekari aliyoandikiwa na mahakama.

Savea hana mamlaka ya kuamua nani apunguziwe. Akiwapimia wanne wa kwanza ekari zao kamili, yule wa tano atapata kipande cha mita za mraba 2,900 na kitu, na jina la wa tano kwenye orodha mara nyingi ni la kitinda mimba, au la binti aliyeolewa mbali. Hili ndilo jambo linaloumiza zaidi katika makosa ya namna hii. Upungufu hauwaangukii wote sawasawa. Humwangukia aliyeandikwa mwisho, ingawa hakuna aliyekusudia kumdhulumu.

Kosa la pili ni la kipimo, na ni baya zaidi. Karani anachapa jedwali huku hatimiliki iko mbele yake. Anaona “Ha” kwenye hati, anaichukua herufi hiyo, lakini namba anazitoa kwenye kumbukumbu za kikao. Sasa kila mrithi ana “Ha 1”, na mahakama imetoa hekta tano kutoka katika shamba la hekta mbili. Msajili wa ardhi hawezi kulisajili jedwali hilo.

Mkanganyiko huu una mizizi katika lugha ya kila siku. Rejista huandika hekta, lakini sokoni watu husema ekari na futi. Ploti ya futi 50 kwa 100 huuzwa kila siku kwa jina la “robo ya nusu ekari”, yaani moja ya nane. Ukweli ni kwamba moja ya nane ya ekari ni futi za mraba 5,445, na ploti hiyo ina 5,000. Ekari ikikatwa ploti nane za namna hiyo, futi 3,560 zinabaki, na hizo ndizo humezwa na barabara. Mnunuzi anayekuta 0.0465 au pungufu kidogo kwenye hati yake si lazima awe ameibiwa. Lakini mkataba wake ukisema moja ya nane, na kiambatisho kikasema hamsini kwa mia, karatasi hizo mbili zinazungumzia vipande viwili tofauti.

Je, cheti chenye kosa hurekebishwaje? Inategemea kosa limekaa wapi. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Urithi kinaruhusu mahakama kusahihisha makosa ya majina na maelezo bila kuvuruga uamuzi. Namba ya kipande iliyochapwa vibaya inaweza kupita kwenye mlango huo. Lakini familia yetu ya mfano inataka kubadilisha kiasi anachopata kila mtu, na majaji wamekuwa wakisisitiza kwamba kifungu hicho hakikuwekwa kwa ajili ya kugawa upya. Hapo huombwa mahakama ipitie upya uamuzi wake, na warithi wote watano warudi kuridhia. Ikiwa katikati mmoja amefariki, au wawili hawasalimiani tena, kazi ya kikao kimoja inakuwa kesi.

Kinga yake ni kazi ya nusu saa kabla ya kutia saini. Kwanza ichukuliwe taarifa rasmi ya rejista, ile ambayo Wakenya huiita sachi, ili ukubwa usomwe kwenye rejista badala ya kutegemea kumbukumbu ya mtu. Namba zote zigeuzwe kuwa hekta zenye tarakimu nne baada ya nukta: ekari moja ni 0.4047. Barabara ipewe mstari wake. Kisha safu ijumlishwe kutoka juu kwenda chini, na jumla ilinganishwe na ile ya rejista.

Hata jumla ikilingana, ardhi yenyewe inaweza kukataa. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 18, inasema kwamba pale mipaka isipokuwa imepimwa na kuthibitishwa, ramani ya rejista huonyesha mipaka ya kukadiria tu. Shamba la hekta 2.0 kwenye hati linaweza kupimwa likawa 1.93. Kwa sababu hiyo savea mzuri huomba kupima kabla ya jedwali kuandikwa, na mawakili waangalifu huandika “sehemu moja ya tano ya kinachobaki baada ya kutoa barabara”. Maneno hayo hubaki sahihi shamba liwe na ukubwa wowote. Udhaifu wake ni kwamba hayasemi nani anakaa wapi, kwa hiyo pale ambapo nyumba zimeshajengwa huambatanishwa mchoro wenye herufi A hadi E, na kila herufi hurudiwa kwenye jedwali mbele ya jina la mwenyewe.

Katika familia yetu, herufi E ingekuwa na mita za mraba 3,820, sawa kabisa na A.