Wembe wa Hija: Nywele, Ndevu na Jua la Mina

Mwanamume aliyehirimia Hija hunyoa kichwa tarehe 10 Mfungo Tatu, siku ya Idi, baada ya kupiga mawe Jamarati ya Aqaba. Anayependa hupunguza nywele badala ya kuzinyoa, ingawa kunyoa kuna fadhila zaidi. Mwanamke hanyoi, hupunguza ncha za nywele kiasi cha pingili ya kidole. Ndevu hazimo katika amali hii.

Matayarisho huanza nyumbani. Mtu akishanuia ihramu, hakati nywele wala kucha, wala hajipaki manukato. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, nywele za kichwa na ndevu hazipakwi mafuta hata yasiyo na harufu. Kwa hiyo masharubu hupunguzwa, kucha hukatwa na ndevu hutiwa mafuta kabla ya nia. Ndevu nzito huchanwa vizuri siku hiyo, kwa kuwa kitana kikali ndani ya ihramu kinaweza kung'oa nywele, na kung'oa nywele kuna fidia yake. Aliyekusudia kuchinja udhuhia ni bora ayamalize haya yote kabla mwezi wa Mfungo Tatu haujaandama, maana mwenye kuchinja hutakiwa asiguse nywele wala kucha tangu mwezi unapoingia hadi mnyama wake achinjwe.

Wengi wanaotoka Afrika Mashariki huhiji kwa tamatui, yaani hutanguliza umra, wakatoka katika ihramu, kisha wakahirimia Hija. Hapo ndipo hesabu ya nywele inapohitajika. Mfano ni hujaji wa Unguja anayefika Makka tarehe 4. Nywele hukua karibu sentimita moja kwa mwezi. Akinyoa kipara baada ya umra, siku ya Idi atakuwa na milimita mbili tu, na wembe hautakuwa na kazi kubwa. Afadhali asafiri na nywele za sentimita mbili au tatu, azipunguze kichwa kizima baada ya umra, na wembe auweke kwa ajili ya tarehe 10. Kupunguza huku kwa ajili ya umra hakumhusu yule anayejizuia kwa udhuhia, kwa sababu ni sehemu ya ibada.

Siku ya Idi vinyozi huwa na foleni ndefu, na wasio na kibali hukaa kando ya njia wakiwa na wembe mmoja kwa vichwa vingi. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, hata pale ambapo damu haionekani. Hujaji achague kinyozi mwenye kibali, na wembe utolewe kwenye karatasi yake mbele ya macho yake. Kichwa hulowekwa kwanza, kisha hunyolewa kuanzia upande wa kulia, wembe ukifuata nywele zinakoelekea. Kuvuta ngozi na kurudia mahali pamoja ili kichwa kiwe laini kabisa ndiko kunakozaa vipele, hasa kwa wenye nywele za kipilipili: ncha iliyokatwa chini mno hujikunja na kuchoma ngozi inapoota. Mtu ambaye kisogo chake huwahi kuota vinundu vigumu afadhali apunguze kwa mashine, na ibada yake itasihi.

Hujaji akishapiga mawe na kunyoa, huhalalikiwa na karibu kila kitu isipokuwa tendo la ndoa, ambalo husubiri tawafu. Kofia, mafuta ya ndevu na losheni yenye harufu vinaruhusiwa tena. Ni nafuu iliyokuja wakati wake, kwa kuwa tarehe 11 hadi 13 mawe hupigwa Mina baada ya jua kupinduka, yaani kuanzia adhuhuri. Mwishoni mwa Mei, Hija ya 2026 inapoangukia, jua la mchana hupita karibu utosini kabisa mwa Makka.

Ngozi ya kichwa iliyokuwa kivulini mwa nywele huungua upesi, na ngozi nyeusi nayo huungua. Wekundu hauonekani sana, lakini kichwa huwaka, huuma kikiguswa, na baada ya siku chache hubambuka. Kofia pana na mwavuli ndivyo kinga ya kwanza. Losheni ya jua ya SPF 30 au zaidi hupakwa robo saa kabla ya kutoka, kiasi cha kijiko cha chai kwa kichwa, masikio na shingo, na hurudiwa kila saa mbili kwa sababu jasho huiondoa. Palipokatwa na wembe pasipakwe. Pafunikwe kwa kitambaa safi hadi pakauke.

Vipele vya wembe hutokea siku chache baada ya kunyoa. Visikwanguliwe wala kunyolewa tena. Maji ya uvuguvugu hutosha. Vikitunga usaha, au uvimbe wa kisogoni ukizidi kukua, ni kazi ya daktari.